Insha yako inaweza kufanana na wewe mwenyewe

Mdogo wangu wa Ngamiani, hapa Tanga, aliandika insha ya mkonge kwa mkono wake, akaipeleka chuoni, ripoti ya ukaguzi ikarudi ikisema inafanana na maandishi mengine kwa asilimia 84. Alilia. Nikamwambia tufungue ripoti kwanza, tuache kukodolea namba.

Mfumo wa kukagua mfanano wa maandishi kama Turnitin hauijui nia yako. Unaikata insha vipande vya maneno yanayofuatana, kisha unavitafuta katika makundi matatu, ambayo kwenye ripoti yanasomeka `Internet Sources`, `Publications` na `Student Papers`. Kwake, karibu mfanano wote ulikuwa kundi la tatu, tena chanzo kimoja tu: kazi ya mwanafunzi wa chuo kingine. Maandishi ya kazi hiyo hayakufunguka, maana kazi ya chuo kingine huwezi kuisoma hivihivi.

Nikamuuliza, "Rasimu ulimpa nani?" Kumbe jamaa wa stesheneri alimpimia kwa elfu tano, kupitia akaunti ya chuo kingine, na mpangilio ulikuwa wa kuhifadhi kila kinachoingia. Rasimu ikabaki kwenye ghala la mfumo, insha kamili ikagongana nayo.

Kwa hiyo usipimishe vichochoroni. Mwombe mwalimu afungue kazi ya majaribio isiyohifadhi.

Likishakukuta, mpelekee mwalimu rasimu zenye tarehe na umweleze ulikopimia. Anaweza kukiondoa chanzo hicho kwenye hesabu. Cha mdogo wangu kilipoondolewa, ikabaki asilimia 9, nyingi zikiwa nukuu na orodha ya marejeo.