Kukadiria akina mama wangapi wanajifungua kwa usiku, kutoka kwenye picha za daftari

Wiki iliyopita dada mmoja muuguzi wa zahanati alinitumia picha mbili za daftari la zamu ya usiku. Alitaka kujua usiku mmoja atarajie akina mama wangapi, maana vitanda vya kujifungulia viko vitatu tu. Naandika tulivyofanya, kuna sehemu ilitula karibu jioni nzima.

1. Picha. Ziba majina ya wagonjwa kabla ya kutuma, na kwenye Watsapu tuma kama dokyumenti, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na 1 na 7 zinafanana.

2. Andika namba kwa mkono. Programu za kusoma maandishi kwenye picha sizitaki kabisa kwa mwandiko wa kalamu. Andika mwenyewe mara mbili halafu linganisha. Hesabu mama aliyejifungua, sio watoto, kwa sababu mapacha wanakuja pamoja, na Poisson, yaani mgawanyo tunaotumia kukadiria matukio yanayotokea kwa nasibu, inataka matukio yasiyovutana.

3. Hesabu usiku, sio mistari. Hapa ndipo tulipokwama. Kwenye picha nilisoma mistari 14:

1, 2, 3, 2, 4, 1, 3, 2, 5, 2, 1, 3, 2, 3

Jumla 34, nikagawa kwa 14 nikapata 2.43 kwa usiku, nikaona tumemaliza. Kilichonishtua ni varians, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika, ilitoka 1.34, na kwenye Poisson varians na wastani vinatakiwa viwe karibu karibu. Namba zikiwa zimetulia kuliko zinavyopaswa, ujue huenda kuna kitu kimekatwa. Nikarudi kwenye tarehe nikakuta zinaruka, tarehe 4 halafu 6, nikampigia. Akaniambia, "Kaka, usiku huo hakujifungua mtu, sasa ningeandika nini?"

Basi sifuri zote hazikuwepo kwenye daftari! Tulipopitia tarehe 1 mpaka 21 tukapata usiku 6 wa sifuri, na mwingine mmoja umeandikwa ila mwanga wa flashi umeufuta kwenye picha. Huo wa flashi unautoa kote kote, kwenye jumla na kwenye idadi ya usiku, usiuite sifuri. Ila muulize kwanza kama ulikuwa usiku wa kawaida, maana kama mistari inayosomeka vibaya ndiyo ile iliyobanana kwa wingi wa wagonjwa, ukiitupa unashusha wastani bila kujua. Na picha mbili zikipishana, mstari wa chini wa ya kwanza unaweza kuwa ndio wa juu wa ya pili, fuata tarehe usiuhesabu mara mbili.

Kwa hiyo ni 34 kwa usiku 20, wastani 1.7, varians 2.22. Imezidi kidogo lakini kwa usiku 20 hiyo ni kawaida. Ingekuwa mara tatu ya wastani, Poisson ningeiacha.

4. Imani ya awali. Kabla hajafungua daftari nilimuuliza anadhani ni wangapi, akasema kama wawili, ila hana uhakika sana. Nikaweka makadirio yake kwenye mgawanyo wa gama wenye a = 4 na b = 2, wastani wake 4/2 = 2. Hiyo a isome kama mama wa kuwaziwa na b kama usiku wa kuwaziwa, yaani maneno yake nimeyapa uzito wa usiku mbili. Usimuulize baada ya kuona data, utaihesabu data ileile mara mbili.

5. Kujumlisha. a = 4 + 34 = 38, b = 2 + 20 = 22. Wastani mpya 38/22, kama 1.73.

6. Kompyuta. Mimi natumia R, b inaingia ilivyo:

```
qgamma(c(.025,.975), 38, rate=22)
pnbinom(3, size=38, prob=22/23, lower.tail=FALSE)
```

Mstari wa kwanza unatoa 1.22 mpaka 2.32, hapo ndipo wastani wa kweli unapoangukia kwa uwezekano wa asilimia 95. Wa pili ni uwezekano wa usiku kuja mama wanne au zaidi, kama asilimia 10. Ukiwa na Python, kwenye scipy.stats andika `scale=1/22`, ukiandika `gamma(38, 22)` ile 22 inasogeza mgawanyo wote na unapata wastani wa 60.

Sasa ona zile sifuri zilivyo na kazi: kwa usiku 14 ningepata a = 38, b = 16, na uwezekano wa kuzidi vitanda ungekuwa asilimia 22. Angeomba watu wa ziada kwa sababu ya mistari ambayo haikuandikwa.

7. Wiki ijayo usianze upya. Hizo 38 na 22 ndio imani ya awali mpya. Wakijifungua 9 kwa usiku 7 inakuwa 47 na 29. Nimemwomba usiku usio na mtu aandike 0 kwa kalamu, na tarehe yake.