Kuti la manjano usilikate bado

Bibi mmoja wa Mkunazini aliniita nimwangalie mtende wake wa mapambo, ule wa vishina vingi vya manjano ambao ni ndugu wa mpapindi wetu wa msitu wa Ngezi, kule Pemba. Ulikuwa kwenye chungu cha lita 20, umebaki na makuti manne. "Mwanangu, kila nikikata, la juu yake nalo linaharibika."

Hatua ya 1: Tazama ni kuti lipi. Ncha zikikauka kwenye makuti yote, machanga na makuukuu, na juu ya udongo pana ukoko mweupe, hiyo ni chumvi, mara nyingi ya maji ya kisima kilicho karibu na pwani. Ugonjwa ukianzia makuti ya chini, ni njaa. Inua kuti juani. Ukiona madoadoa ya manjano yanayopitisha mwanga, na ncha ya kuti imeungua kuliko sehemu iliyo karibu na shina, potasiamu imepungua. Magnesiamu ikipungua, kingo za kuti huwa na ukanda mpana wa manjano huku katikati pakibaki kijani. Kuti la bibi lilikuwa na madoadoa, na ukoko pia ulikuwapo.

Hatua ya 2: Safisha udongo. Mimina polepole maji ya mvua mara mbili ya ujazo wa chungu, yaani lita 40, yatoke yote chini. Sahani ya chini usiiache na maji.

Hatua ya 3: Kata kilichokufa tu. Hapa ndipo bibi alipokosea. Potasiamu ikikosekana udongoni, mti huinyonya kutoka makuti makuukuu na kuyalisha machanga. Ukilikata kuti ambalo bado lina ukijani, umeunyang'anya akiba yake, nao utahamia kulinyonya la juu yake. Ukiendelea hivyo, njaa hufika kileleni na mti hufa. Subiri kuti liwe kahawia lote, kisha likate ukiacha kikonyo cha inchi mbili. Ncha zilizokauka waweza kuzipunguza kwa mkasi, lakini usiguse sehemu ya kijani.

Hatua ya 4: Lisha. Wiki moja baada ya kusafisha, yeyusha kijiko kimoja cha chai cha salfeti ya potasiamu na kimoja cha chumvi ya epsom, ambayo ndiyo yenye magnesiamu, katika lita 5 za maji ya uvuguvugu. Yakipoa, mimina lita 2 kwenye udongo uliokwisha kuloa, mara moja kwa mwezi. Viende pamoja, kwa sababu potasiamu ikizidi peke yake huuzuia mti kupata magnesiamu. Majivu ya jikoni yana potasiamu, lakini siyapendi kwa chungu chenye udongo wa maweni: udongo huo una chokaa tele, na majivu huongeza yaleyale, mpaka makuti machanga nayo yanapauka kwa kukosa chuma.

Madoadoa ya zamani hayafutiki, kwa hiyo pima kwa makuti mapya. Kwa bibi, kuti la tatu lililochipuka ndilo la kwanza kukunjuka bila doa, na yale manne ya zamani tuliyaacha yakakauka yenyewe, moja baada ya jingine.