Kabla ya kufukia kebo ya gereji kwenye ardhi ya mawe

Anayejenga gereji au banda nyuma ya nyumba katika mitaa ya Mwanza iliyokaa juu ya mawe hukutana na mwamba mara mbili: anapochimba mtaro wa kebo, na anapogongomea rodi ya athi. Mwamba wa kwanza humsumbua kila mtu; wa pili, ulio hatari zaidi, wengi hawauoni.

Kabla ya kununua kebo yenye ganda la nyaya za chuma, pita na mtaimbo ukichoma ardhi kila baada ya hatua moja katika njia unayoikusudia. Kina kinachofaa ni sentimita 50 bustanini na 60 panapopita gari. Mtaimbo ukigonga mwamba kwenye sentimita 20, hamisha njia au ifunge kebo kwa klipu ukutani mwa uzio, kwani kebo iliyofukiwa juujuu itafikiwa na jembe siku moja. Tandaza mchanga uliochekechwa chini na juu ya kebo, kwa sababu kokoto zenye ncha hutoboa ganda la plastiki, maji yakaingia na nyaya za chuma zikashika kutu. Mkanda wa tahadhari hulazwa juu zaidi, ili mchimbaji auone kabla ya kuifikia kebo.

Kwa gereji iliyo umbali wa mita 30 inayotumia ampea 20, kebo ya shaba ya milimita 4 za mraba hupoteza takriban volti 6.6 kati ya 230, karibu asilimia 3. Ya milimita 6 hupoteza takriban 4.4, nami ningenunua hiyo.

Upande wa nyumbani, kebo ianzie kwenye breka yake yenyewe, isiungwe kwenye soketi ya jikoni. Glendi ya chuma izibane nyaya za ganda, na kutoka hapo waya uende kwenye baa ya athi. Ganda lisiloungwa halilindi kitu: jembe likigusisha waya wa moto nalo, chuma chote hubaki na umeme.

Hata likiungwa, kama nyumba inategemea rodi yake na mwamba umeizuia isizame, ukinzani wake unaweza kufika omu 100. Hapo volti 230 zitasukuma ampea 2.3 tu, na breka ya ampea 20 haitashtuka kamwe. Kwa hiyo mwombe fundi mwenye leseni ya EWURA apime rodi kabla ya mtaro kuchimbwa, kisha aweke nyumbani, mwanzoni mwa kebo, kifaa kinachokata umeme unaovuja cha miliampea 100 chenye kuchelewa kidogo, na gerejini kiwe cha miliampea 30, ili hitilafu ya gereji isiizimie nyumba nzima.

Mtaro usifukiwe kabla kebo haijapimwa kwa mega ya volti 500, yaani kipimo cha insulesheni, ncha zote zikiwa hazijaungwa. Kebo mpya ikisoma chini ya megaomu 1, itoe.