Jinsi ya kuandika tangazo la redio la dakika mbili kwa ajili ya kibanda cha sokoni

Dakika mbili redioni ni ndefu. Matangazo mengi ya biashara huisha kwa sekunde 30 au 60, na mtu anayepewa 120 kwa mara ya kwanza huzijaza maneno tupu: sifa, bei, salamu, kisha sifa tena. Msikilizaji huacha kusikia kabla ya nusu. Mimi nikipewa dakika mbili huandika kisa kifupi kinachobebwa na mlio mmoja, nami huuchagua mlio huo kabla ya neno lolote.

Nitaonyesha kwa kibanda kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kibanda hiki kinanyoosha vifuniko vya sufuria vilivyopinda, kinaweka vishikio, na kinauza vifuniko vipya.

Hatua ya 1: Tafuta sauti ya tatizo na sauti ya dawa yake

Kaa kibandani saa nzima ukiwa umefumba macho. Kila kibanda kina sauti zake, lakini unayoitafuta ni ile inayobadilika mteja akihudumiwa. Kwa vifuniko ilinichukua dakika chache tu. Kifuniko kilichopinda hucheza juu ya sufuria: ka-ka-ka-ka. Kikishanyooshwa, hukaa kwa mlio mmoja: kop! Hapo tangazo limekwisha kupatikana. Linaanza na ka-ka-ka na kuisha na kop, na katikati kuna safari ya kwenda sokoni.

Ila sauti peke yake hudanganya. Mvua juu ya bati na mafuta yanayochemka kikaangoni husikika karibu sawa kwa asiyeona. Kwa hiyo wahusika wakitaje kile kilicholia mara tu wanapoanza kuzungumza. Wasipokitaja, msikilizaji atabaki akijiuliza ni nini, na maneno yanayofuata yatampita.

Hatua ya 2: Gawa sekunde kabla ya kuandika

Maneno ya Kiswahili ni marefu. "Nimeyabandika" ni neno moja, lakini lina silabi sita. Usitumie hesabu ya lugha nyingine. Katika mazungumzo yenye pumzi na vituo, mimi huhesabu maneno 100 kwa dakika. Milio inayosimama peke yake naipa sekunde 25. Zinabaki 95 za kusema, yaani maneno kama 158. Hiyo ndiyo bajeti, na skripti iliyo hapa chini ina maneno 158.

Ukiona umefika 200, usimwambie msomaji aharakishe. Futa sentensi. Msomaji anayekimbia humeza silabi za mwisho, na mara nyingi ndizo zenye jina la mahali.

Hatua ya 3: Andika skripti yenye saa, sauti na maneno

Kila kipande kianze na muda wake, ili fundi mitambo na wasomaji wafuate karatasi moja. Maelezo ya sauti niliyaweka kwenye mabano ili mtu asiyasome kwa bahati mbaya.

0:00–0:06
[SAUTI: Maji yanachemka. Kifuniko kinacheza, ka-ka-ka-ka, kinaanguka sakafuni, kinazunguka, kinatulia. Maji yanaendelea kwa chini.]

0:06–0:36
JIRANI (kwa mbali, mlangoni): Hodi jirani! Nini tena hicho kimeanguka?
MAMA: Si kifuniko hiki! Tangu kilipopinda hakikai. Maji nimeyabandika muda mrefu, mvuke wote unaishia hewani.
JIRANI (amekaribia): Na kishikio chake je?
MAMA: Kishikio kiling'oka zamani. Nafunua kwa kitambaa, na bado naungua vidole.
JIRANI: Kwa nini hukipeleki sokoni kwa fundi? Changu nilikipeleka, nikanunua vitu vyangu, nikarudi nacho kimekaa sawasawa. Kichukue, twende.

0:36–0:42
[SAUTI: Maji yanafifia. Hatua za watu wawili. Soko linapanda, linasikika lote kwa sekunde mbili, kisha linashuka.]

0:42–1:10
FUNDI: Karibuni mama zangu. Nipe nikione. Kimepinda ukingo tu, hakijafa.
[SAUTI: Nyundo ya mbao, mapigo manne, sekunde 3.]
FUNDI: Sasa kishikio. Naweka cha mbao, hakipati moto.
MAMA: Kama kingekuwa kimetoboka, fundi?
FUNDI: Hapo nakupa kipya. Njoo na sufuria yenyewe, au pima mdomo wake kwa uzi, uniletee uzi huo. Ninavyo vifuniko vya sufuria ndogo hadi kubwa kabisa.

1:10–1:14
[SAUTI: Soko linakatika ghafla. Kifuniko kinakaa: KOP! Kimya cha sekunde mbili.]

1:14–1:19
MAMA: Umesikia, jirani?
JIRANI: Nimesikia. Kimekaa!

1:19–1:47
MSIMULIZI (bila sauti yoyote nyuma): Kibanda cha Vifuniko. Kinanyoosha vifuniko vilivyopinda, kinaweka vishikio vipya, na kinauza vifuniko vya kila kipimo. Ingia sokoni kwa lango la mashariki. Hesabu vibanda vitatu mkono wa kulia. Cha tatu ndicho Kibanda cha Vifuniko. Kiko wazi Jumatatu hadi Jumamosi, tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.

1:47–1:51
[SAUTI: Maji yanachemka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Mlio mzito, wa ndani.]

1:51–1:58
JIRANI: Lango la mashariki?
MAMA: Cha tatu, mkono wa kulia.
MSIMULIZI: Kibanda cha Vifuniko.

1:58–2:00
[SAUTI: KOP! Mwisho.]

Tazama kile kimya cha 1:12 hadi 1:14. Wenye vibanda wengi huniomba nikijaze, kwa kuwa wanalipia muda. Mimi hukitetea. Baada ya kelele za soko na nyundo, kimya kinamfanya mtu aliyekuwa akifanya kazi nyingine ainue kichwa, na maelekezo yanamkuta amesikiliza. Usizidishe sekunde mbili lakini. Kikiendelea zaidi, wengine watadhani stesheni imekatika.

Tazama pia kwamba nambari ya simu haimo. Huyu ni mtu wa sokoni, kazi yake ni ya kuletewa kifuniko mkononi, na msikilizaji hana kalamu. Muda ambao ningeupoteza kwa tarakimu nimeutumia kutaja mahali mara mbili. Alama zenyewe ziwe zisizohama: lango, mkono, idadi ya vibanda. Usiseme "mkabala na kibanda cha bluu", maana rangi hupakwa upya nawe tangazo lako bado liko hewani.

Hatua ya 4: Rekodi milio

Anza na soko. Simama mahali pamoja, rekodi dakika mbili bila kutembea na bila kuzungumza. Sikiliza kwanza kama kuna redio au spika inayopiga muziki karibu. Ikiwapo, hama. Utakapokata na kuunganisha, kelele za watu hazitaonyesha kiungo, lakini wimbo utaruka kutoka mstari mmoja hadi mwingine na kila sikio litajua.

Mlio wa chuma ndio mgumu. Kifuniko kikigonga sufuria, sauti hupanda ghafla na kuchanika. Weka maikrofoni umbali wa mkono mmoja, pembeni badala ya juu, kisha punguza kiwango cha kurekodi hadi pigo kubwa kabisa lisifike kwenye alama nyekundu. Ukitumia simu kuna tatizo lingine: simu nyingi hujirekebisha zenyewe. Utalitambua hivi: mara baada ya KOP, sauti za chumba huzama, kisha hupanda taratibu kama mtu anayevuta pumzi. Tafuta programu inayokuruhusu kuzima marekebisho hayo. Ukiikosa, sogea mbali zaidi na urekodi chumba kikiwa kimya kabisa, ili kusiwe na cha kuzama.

Kifuniko kinachochezeshwa na mvuke wa kweli husikika dhaifu kuliko unavyodhani. Mimi hukitikisa kwa vidole viwili juu ya sufuria yenye maji kidogo, na kuchemka nakutengeneza kwa kupuliza mrija ndani ya maji. Kwa ule mlio wa 1:47 rudia kupuliza, ila funika sufuria kwa kitambaa kizito.

Kuhusu "kwa mbali" na "amekaribia": msomaji aanze hatua tatu kutoka kwenye maikrofoni, asogee huku akisema. Kupunguza sauti kwenye kompyuta hakuleti umbali. Kunaleta mtu aliye karibu anayenong'ona.

Hatua ya 5: Changanya

Panga milio kwanza kwa saa zake, kisha weka maneno. Soko likae chini ya wasemaji kwa kama desibeli 15. Kama huna kipimo, tumia sikio: ukiweza kufuata anachosema muuzaji wa nyuma, soko liko juu mno.

Chini ya msimulizi usiweke chochote. Hili nililijua kwa gharama. Tangazo moja la zamani niliachia soko liendelee hadi mwisho kwa sababu lilinoga kwenye spika kubwa za studio. Likapigwa wiki mbili. Wateja walikuja, lakini wengi waliingia lango la upande wa pili, kwa sababu kelele zilifunika neno "mashariki". Mwenye kibanda ndiye aliyenieleza, naye alikuwa amekwisha lipa.

Faili lenyewe mara nyingi hutakiwa la WAV. Ulizia stesheni kabla ya kuhifadhi, na hakikisha limeishia kwenye 2:00 au kabla. Likizidi hata sekunde moja, huenda likakatwa, na kitakachokatwa ni ile KOP ya mwisho.

Hatua ya 6: Jaribu kwa redio ndogo

Usihukumu kwa vipokea sauti vya masikioni. Piga tangazo kwenye spika ndogo ya simu, mahali penye kelele, mbele ya mtu asiyewahi kulisikia, naye awe na kazi mikononi. Likiisha ngoja dakika kumi mkizungumza mengine, kisha muulize maswali mawili: wanafanya nini pale, na wewe ungefikaje?

Akishindwa la kwanza, kasoro iko kwenye sekunde 15 za mwanzo: ama mlio haueleweki, ama umechelewa kutajwa. Akishindwa la pili, usimlaumu. Rudi 1:19, mwambie msimulizi asome polepole zaidi, na kama muda haukutoshi futa sentensi yote inayoanza na "Kinanyoosha vifuniko vilivyopinda", kwa sababu fundi amekwisha kuyaonyesha hayo kwa nyundo yake. Sentensi tatu za mahali usiziguse. Kisha tafuta mtu mwingine ambaye hajalisikia, umjaribie upya.