Somo: Kuigiza malipo ya hongo Ugogo katika filamu ya shule

Somo hili linahusu tukio moja ambalo shule yoyote ya Dodoma inaweza kulirekodi kwa simu: msafara kutoka pwani unafika Ugogo, unapiga kambi karibu na kisima, na mkuu wake anajadiliana na mtemi kuhusu hongo, yaani ushuru wa kupita. Habari nyingi za tukio hili tumeachiwa na wasafiri wa Kizungu, wakiwamo Burton aliyepita mwaka 1857 na Stanley aliyepita mwaka 1871, ambao walilalamika sana juu ya malipo hayo. Mgogo aliyelinda kisima katika nchi kame alikuwa na hoja yake, na filamu isiyompa nafasi itakuwa imerudia malalamiko ya wageni tu.

Hatua ya kwanza ni kuamua msafara unaelekea wapi, kwa kuwa uamuzi huo ndio unaopanga vifaa vyote. Msafara wa kwenda bara ulibeba vitambaa, shanga na waya wa shaba. Wa kurudi pwani ulibeba pembe za ndovu. Nashauri mchague wa kwenda bara, kwa sababu vitambaa ndivyo vilivyotumika kulipa hongo na ni rahisi kuvipata.

Hatua ya pili ni mavazi. Merikani, kitambaa cha pamba kisichong'arishwa kilicholetwa kutoka Marekani, kinaweza kuigizwa kwa shuka nyeupe kuukuu za kitandani. Chomoeni kwanza uzi mmoja, na mwalimu auchome kwa kiberiti: ukiacha jivu laini na kunuka kama karatasi iliyoungua, ni pamba, ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, hautashika rangi. Chemsheni majani mengi ya chai, tumbukizeni shuka kwa nusu saa, kisha zianikeni bila kuzipiga pasi. Weupe wa shuka mpya juani huunguza picha, na mtazamaji hutambua papo hapo kwamba imetoka dukani.

Mizigo ndiyo inayoharibu maigizo mengi. Mpagazi alibeba karibu kilo 30, lakini mwanafunzi aliyebeba robota la majani makavu hutembea huku akigeuza kichwa na kucheka. Fungeni majani hayo ndani ya mkeka, na katikati mweke mfuko wa mchanga wa kilo tatu au nne. Shingo itakakamaa yenyewe na hatua zitakuwa fupi. Hapo hamtahitaji kumfundisha mtu kuigiza uchovu.

Hatua ya tatu ni kupiga picha. Wanafunzi wanane wanatosha kuwa msafara mrefu iwapo simu itawekwa chini, ione miguu na mizigo tu, na kila anayepita azunguke nyuma ya kamera na kurudi na mzigo mwingine. Mbele atangulie kirangozi mwenye bendera. Pigeni kabla ya saa tatu asubuhi, upepo haujaamka na vivuli vingali virefu, na mkague kwanza kama nyuma ya mibuyu hakuna nguzo ya umeme. Majadiliano yenyewe pigeni kutoka mbali, doti zikitandazwa, zikikataliwa na kuongezwa, bila maneno kusikika, kwa sababu hatuna haki ya kumtungia mtemi kauli na kuionyesha kama historia.

Hatua ya mwisho ni usimulizi, unaorekodiwa ndani ya chumba chenye mapazia au magodoro ili sauti isirudi mwangwi. Maneno 100 kwa dakika yanatosha. Msimulizi atenganishe yaliyoandikwa na yanayokisiwa: “Stanley aliandika kwamba…” ni tofauti na “Huenda mtemi aliona…”. Maandishi “Igizo” yabaki pembeni ya picha muda wote wa tukio.

Maswali ya wanachama

*Je, Wagogo wetu wanaweza kuvaa shuka za mirabamiraba zinazouzwa sokoni?*
Hapana, mwalimu. Shuka hizo ni za miaka ya baadaye. Tumieni ngozi za mbuzi zilizokauka vizuri, kaniki na shanga, na mtemi mwenyewe anaweza kuvaa merikani, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akilipwa.

*Wanafunzi wangu wanataka kuwafunga wapagazi minyororo. Niwaruhusu?*
Usiwaruhusu katika tukio hili. Biashara ya watumwa ilikuwapo na ilipita njia hiyohiyo, lakini wapagazi wengi walikuwa watu wa kulipwa, hasa Wanyamwezi, na kuwafunga wote kutaifuta kazi yao katika historia. Watumwa wapewe tukio lao, katika msafara wa kwenda pwani.

*Bunduki tutazipata wapi?*
Chongeni magobori ya mbao na kuyapaka masizi yaliyochanganywa na mafuta, kisha mpeni taarifa mwenyekiti wa mtaa kabla ya siku ya kurekodi, kwa sababu kutoka mbali yanatisha kama ya kweli.