Bajeti ya umoja wa wanafunzi: anza na ada iliyofika benki

Bajeti nyingi za umoja wa wanafunzi hukwama katikati ya muhula kwa sababu mweka hazina alizidisha idadi ya waliosajiliwa kwa kiwango cha ada, kisha akagawa jumla yote. Tufuate mfano mmoja tangu ada inapokusanywa hadi ripoti inaposomwa. Tarakimu ni za mfano tu, ziwekeni zenu.

Hatua ya 1: Mapato

Chuo kina wanafunzi 4,000 na ada ya umoja ni 10 kwa muhula. Kwenye karatasi hiyo ni 40,000. Lakini wapo walioahirisha masomo, wanaochelewa kulipa na waliosamehewa. Angalieni muhula uliopita zilifika fedha kiasi gani kwenye akaunti ya umoja. Kama ilikuwa asilimia 88, bajeti yenu ni 35,200.

Iulizeni pia ofisi ya fedha ya chuo itahamisha ada lini. Ikiingia wiki ya 6, na shughuli ya kuwakaribisha wanafunzi wapya iko wiki ya 2, fedha pekee mliyo nayo ni bakaa ya mwaka uliopita. Ndiyo maana bakaa haigawiwi: ndiyo inayowavusha wiki hizo.

Hatua ya 2: Toeni kabla ya kugawa

Akiba ya asilimia 10 ni 3,520. Gharama zisizoepukika, yaani ofisi, uchaguzi na ukaguzi wa hesabu, ni 6,680. Zinabaki 25,000: tuseme klabu 15,000, matukio 10,000.

Hatua ya 3: Klabu

Klabu ziko 20. Kila moja ipewe 300 za kuanzia, jumla 6,000. Zile 9,000 zinazobaki ziombwe kwa maandishi: shughuli gani, tarehe gani, itagharimu nini. Vigezo vya kupima maombi vitangazwe kabla hayajapokelewa. Vikitangazwa baadaye, hata mgao wa haki utaonekana wa kupendelea.

Msitoe fedha zote kwa mkupuo. Toeni asilimia 60 kama masurufu, na 40 baada ya klabu kurejesha stakabadhi za fedha za kwanza. Klabu isiyofanya marejesho haipati awamu ya pili, hata kama mwenyekiti wake ni rafiki wa rais wa umoja. Dalili ya kwanza ya mambo kuharibika ni stakabadhi za tarehe moja, mwandiko mmoja, jumla kamili zisizo na senti.

Hatua ya 4: Matukio

Hapa ndipo fedha hupotea bila mtu kuiba. Sherehe itagharimu 6,000 na tiketi zinatarajiwa kuleta 3,000. Wengi huandika kwenye bajeti "sherehe: 3,000" na kuishia hapo. Tiketi zikiuzwa nusu, umoja unabeba 4,500, na hakuna aliyeidhinisha kiasi hicho. Andikeni pande zote mbili, matumizi na mapato, na ukomo wa hasara. Kisha wekeni siku ya uamuzi kabla ya tarehe ya mwisho ya kurejeshewa amana ya ukumbi. Mauzo yakiwa chini ya kiwango mlichokubaliana, punguzeni ukubwa wa sherehe au ahirisheni.

Hatua ya 5: Ripoti

Kila kasma iwe na safu nne: bajeti, iliyolipwa, iliyoahidiwa, iliyobaki. Safu ya tatu ndiyo husahaulika. Kasma ya klabu ikiwa na 15,000 na zimelipwa 12,400, msomaji ataona 2,600 ziko huru. Kumbe 1,900 zimeshaidhinishwa na zinasubiri kulipwa. Zilizo huru ni 700.

Chini ya jedwali wekeni bakaa ya kuanzia, ongezeni mapato, toeni malipo, kisha oanisheni na taarifa ya benki ya siku hiyohiyo. Tofauti yoyote, kama hundi ambayo haijachukuliwa, itajwe. Ripoti itoke kila mwezi, mahali ambapo mwanafunzi yeyote anaiona bila kuomba ruhusa.

Maswali ya wanachama

*Kwa nini tusigawe kwa idadi ya wanachama wa klabu?*
Kwa sababu majina huandikwa kirahisi, na mtu mmoja huonekana kwenye klabu tano. Mkitaka kutumia idadi, tumieni mahudhurio ya shughuli zilizopita.

*Ofisi ya fedha inakataa kutupa orodha ya waliolipa. Tufanyeje?*
Msiombe majina. Ombeni idadi ya waliolipa na jumla iliyohamishwa, kila mwezi, kwa barua. Hayo mawili yanatosha kugundua ada iliyokusanywa ikabaki kwenye akaunti ya chuo.

*Ripoti itaje majina ya wote waliolipwa?*
Wauzaji na watoa huduma, ndiyo, pamoja na kiasi. Mwanafunzi aliyepewa msaada wa dharura asitajwe. Toeni jumla na idadi ya waliosaidiwa. Mkaguzi ataona majina kwenye hati za malipo.

*Klabu imerudisha fedha ambazo haikutumia. Tuipe klabu nyingine mara moja?*
Hapana. Zirudi kwenye kasma ya klabu, zionekane kwenye ripoti ya mwezi, kisha ziombwe kwa vigezo vilevile vya hatua ya 3.