Hesabu ya tofali za bloku kwa chumba kimoja

Wiki iliyopita nilikuwa Njiro kwa dada mmoja anayejenga chumba cha uani. Alikuwa ameandikiwa tofali 268. Nilipoiona hiyo namba nikajua imetoka wapi, maana kosa hilo nami niliwahi kulifanya Sakina, nikaishia kukodi kirikuu mara ya pili kwa ajili ya kozi moja ya juu.

Hatua ya 1. Pima ukuta. Chumba chake kwa nje ni mita 4 kwa 3.5, mzunguko mita 15. Toa kona nne, sentimita 15 kila moja, kwa sababu umezipima mara mbili. Zinabaki mita 14.4. Kimo ni mita 2.75, yaani kozi 11, tisa chini ya lenta na mbili juu yake. Lenta ni zege, usiihesabu.

Hatua ya 2. Mota. Hapa ndipo watu wanapopotea. Tofali lake la inchi sita lina urefu wa sentimita 45 na kimo 23, na fundi wake anaweka mota ya sentimita 2. Aliyemwandikia aliongeza mota kulia na kushoto, juu na chini, akapata 49 kwa 27. Lakini mota ya kulia kwa tofali hili ndiyo ya kushoto kwa jirani yake. Ukiihesabu kwa wote wawili, ukuta kwenye karatasi unajaa mapema kuliko wa kweli. Kila tofali lina mota moja ya pembeni na moja ya chini, basi: 47 kwa 25. Ukisahau mota kabisa unakosea upande wa pili, utanunua kama 343.

Na hizo sentimita 2 usizichukue kwangu. Nenda kwenye ukuta aliojenga fundi huyohuyo, vuta futikamba kozi kumi, gawa kwa kumi, kisha toa kimo cha tofali. Wapo wanaoweka 3, hasa bloku zikiwa zimepinda, na hapo, kwa kimo hichohicho cha ukuta, hesabu inashuka hadi kama 284.

Hatua ya 3. Mimi nahesabu kwa kozi, mita za mraba siziamini sana, kwa kuwa kozi unaweza kusimama ukazihesabu ukutani.

```
14.4 / 0.47 = 30.6 kwa kozi
30.6 x 11 = 337
mlango: 1.0 / 0.47 x 9 = 19
dirisha: 1.5 / 0.47 x 5 = 16
337 - 19 - 16 = 302
```

Mlango upime uwazi wenyewe kuanzia jamvi hadi lenta, siyo ubao wa mlango.

Hatua ya 4. Ongeza asilimia 5 za kuvunjika. Kando ya mlango na dirisha, kila kozi ya pili inataka nusu tofali, na fundi anayekata kwa panga mara nyingi nusu ya pili inamfia. Inakuja 317, dada aliagiza 320.